Kamwulizeni Hafsa

Jina la Ibn Sirini si geni kwa Waswahili. Mtu akiota jino limeng'oka au nyoka kaingia chumbani, hakosekani jirani wa kumwambia kwamba Ibn Sirini kalieleza hilo kitabuni. Kitabu chenyewe kinachouzwa kwa jina lake kilitungwa na watu wa baada yake, lakini hayo tuyaache. Lisilosemwa sana mitaani ni kwamba mwanachuoni huyo, Muhammad bin Sirini wa Basra, naye alikuwa na mtu wake wa kumwuliza. Likimtatiza jambo katika usomaji wa Kurani, aliwaambia waliokuwa naye waende kwa dada yake Hafsa, wakamwulize yeye anasomaje.

Tuanze na baba yao. Sirini alikuwa fundi wa masufuria ya shaba huko Iraki. Mwaka 12 wa Hijra, yaani 633, jeshi la Khalid bin Walid liliuteka mji wa Ainu Tamri, na Sirini akawa miongoni mwa mateka. Alifika Madina akiwa mtumwa wa Anas bin Malik, yule aliyemhudumia Mtume (S.A.W.) tangu utotoni. Ufundi wake ulimpa kipato, hata akamwomba bwana wake waandikiane mkataba wa kujigomboa: alipe fedha kidogo kidogo, na akimaliza awe huru. Anas akakataa. Sirini akaenda kushitaki kwa Sayyidna Umar, aliyekuwa Khalifa wakati huo. Umar akamwamuru Anas akubali, naye akakataa tena. Ndipo Umar akamchapa kwa kiboko chake huku akiisoma ile aya ya Sura ya Nuru inayowataka mabwana waandikiane na watumwa wao wanaotaka kujigomboa, wakiona kheri kwao. Anas akaandika.

Aya iliyosomwa kwa sauti, tena mbele ya mtu aliyekuwa anaijua vizuri tu, ndiyo iliyoifungulia mlango familia hii. Mama, Safia, naye alikuwa mtumwa wa Sayyidna Abu Bakar akaachwa huru. Siku ya ndoa yake, wapokezi wa habari wanasema, wake watatu wa Mtume walimtia manukato, na katika waliohudhuria kulikuwa na wapiganaji wa Badri kumi na wanane. Aliyeomba dua, wengine wakaitikia amina, alikuwa Ubai bin Kaab, mmoja wa wasomaji wakubwa wa Kurani katika masahaba. Hivyo watoto wa Sirini hawakuwa na kabila la kujivunia. Walikuwa na watu wazito waliowajua wazazi wao, na walikuwa na Kurani.

Familia ilikuwa na makazi yake Basra, alikohamia pia Anas. Basra ulikuwa mji mpya. Ulianzishwa wakati wa Sayyidna Umar, katika miaka ya 630, ukiwa kambi ya jeshi kusini mwa Iraki, mahali palipo karibu na mji wa Zubair wa leo. Nyumba zake za kwanza zilijengwa kwa matete, baadaye kwa matofali ya udongo. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja kambi hiyo ikawa mji mkubwa wenye soko, bandari, makabila yanayotazamana kwa jicho baya, Waajemi waliosilimu, watumwa wa kila rangi, na msikiti uliojaa duara za wasomaji. Gavana wake wa awali, Abu Musa al-Ashari, alikuwa msomaji mwenye sauti ya kusifika, na alikuwa akikaa msikitini akiwasomesha watu Kurani.

Humo ndimo Hafsa alimokulia. Habari mashuhuri ya utoto wake ni fupi: alipofika miaka kumi na miwili, alikuwa ameshaisoma Kurani yote. Kwa lugha ya vyuo vyetu, alikuwa amehitimu.

Miaka kumi na miwili inaweza kuonekana kama chumvi iliyotiwa na wapenzi wake, lakini hesabu inakubali. Mmoja wa walimu aliopokea kwao elimu ni Abu Aliya, Muajemi aliyekuwa mtumwa akaachwa huru na bibi yake. Mzee huyu aliwausia watu wajifunze Kurani aya tano tano, akisema kwamba ndivyo Mtume alivyoipokea kwa Jibrili. Aya za Kurani, kwa hesabu ya watu wa Basra, ni elfu sita na mia mbili na ushei. Kwa aya tano kila siku, mtoto anamaliza katika siku elfu moja mia mbili na arobaini hivi, yaani miaka mitatu na nusu ya mwandamo. Akianza na miaka minane, na akaachiwa siku za kurudia, za homa na za kazi za nyumbani, miaka kumi na miwili inamkuta yuko Annasi au karibu yake. Watoto wengi wa chuoni katika pwani yetu wamefanya hivyo bila kuandikwa na mtu yeyote.

Kumaliza peke yake, basi, hakutoshi kueleza kwa nini ndugu yake, mwanachuoni mwenye wanafunzi wake, alikuwa akiwatuma watu kwake. Ili kulielewa hilo inabidi tuutazame msahafu wa wakati ule.

Sayyidna Uthman alipoandikisha nakala na kuzipeleka mijini, Basra ulipata nakala yake. Lakini msahafu ule haukufanana na huu tunaoununua dukani. Haukuwa na irabu: hapakuwa na alama ya kuonyesha kwamba herufi inasomwa kwa a, i au u. Pia kwa sehemu kubwa haukuwa na nukta. Katika maandishi ya Kiarabu nukta ndizo zinazozitenga b, t, th, n na y zinapokuwa mwanzoni au katikati ya neno. Ukiziondoa, zote hubaki kijino kimoja kile kile. Alefu ya kuvuta sauti nayo mara nyingi haikuandikwa. Msahafu wa namna hiyo ulimsaidia mtu ambaye tayari ameshaihifadhi sura. Asiyejua hakuweza kuufungua akaanza kusoma. Kitabu kilikuwa shahidi, na sauti ya mwalimu ndiyo iliyokuwa kitabu.

Mfano ulio karibu na kila mmoja wetu ni Alhamdu. Lile neno la aya ya nne linaloanza na mimu, katika maandishi ya kale, lina herufi tatu tu: mimu, lamu, kafu. Sisi tunalisoma kwa kuvuta, maaliki, Mwenye kuimiliki siku ya malipo, kwa sababu usomaji uliotufikia ni wa Hafs aliyepokea kwa Asim wa mji wa Kufa. Abu Amri, imamu mkubwa wa usomaji wa Basra aliyefariki mwaka 154 wa Hijra, alilisoma bila kuvuta, maliki, Mfalme wa siku ya malipo. Herufi ni zile zile na visomo vyote viwili ni sahihi. Tofauti hiyo hukuweza kuisoma karatasini. Ulikuwa huna budi uisikie kwa mtu, naye awe aliisikia kwa mtu.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, nao unaonyesha hasa ni wapi msomaji mzuri anajulikana. Katika Sura ya Bakara, aya ya 47 na aya ya 122 ni moja, neno kwa neno. Wana wa Israili wanakumbushwa neema waliyopewa. Aya zinazofuata, ya 48 na ya 123, zinaanza sawasawa: zinaonya juu ya siku ambayo nafsi haitaifaa nafsi nyingine kitu. Halafu zinaachana. Katika aya ya 48 kinatangulia kutajwa kukataliwa kwa uombezi, kisha fidia. Katika aya ya 123 fidia inatangulia, uombezi unafuata. Msomaji anayeswalisha usiku, amechoka, macho mazito, akitaja fidia mahali pa uombezi, ulimi unampeleka wenyewe. Badala ya kuingia kwenye kisa cha Firauni kilicho katika aya ya 49, anajikuta anasoma jinsi Nabii Ibrahimu alivyojaribiwa, ambayo ni aya ya 124. Ameruka aya sabini na tano. Mara nyingi mwenyewe hajui mpaka mtu wa nyuma amkohoe.

Na hapo hapo pana jambo la nukta. Tendo la kukubaliwa, katika aya ya 48, sisi tunalisoma yukbalu. Abu Amri wa Basra alilisoma tukbalu, kwa kuwa uombezi katika sarufi ya Kiarabu ni neno la kike. Maana haibadiliki hata kidogo. Lakini katika aya ya 123 wasomaji wote wanasema yukbalu, kwa sababu kinachofuatia ni fidia, na neno hilo ni la kiume. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anayesoma kwa kisomo cha Basra anatakiwa aseme tu mahali pamoja na yu mahali pengine, katika aya mbili zinazofanana kama mapacha, akiwa na msahafu ambao mahali pote pawili una kijino kile kile kisicho na nukta. Sisemi kwamba swali hili ndilo lililopelekwa kwa Hafsa. Hatukuachiwa orodha ya maswali. Nasema maswali ya namna hii ndiyo yaliyokuwa yanawasumbua watu wa mji ule, na dawa yake ilikuwa moja: umtafute mtu ambaye kumbukumbu yake haijawahi kuyumba, umwambie asome, usikilize.

Dawa za wino zilianza kupatikana Basra kwenyewe, tena katika uhai wa Hafsa. Abu Aswad ad-Duali, aliyefariki mwaka 69 wa Hijra, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuweka alama za irabu, kwa vitone vya wino wenye rangi tofauti na ule wa herufi. Baadaye, wakati Hajaji alipokuwa gavana wa Iraki, wanafunzi wa njia yake wakatajwa katika kazi ya kuzitenga herufi kwa nukta. Ni mji huo mmoja na ni watu wa rika la jirani. Inaeleweka kwa nini ilikuwa Basra: mji wenye Waajemi wengi waliojifunza Kiarabu ukubwani ni mji ambamo makosa ya usomaji husikika kila siku.

Hafsa, binti wa Muajemi, hakusikika akikosea.

Siri yake ilikuwa kazi ya usiku. Inasimuliwa kwamba alikuwa akisoma nusu ya Kurani kila usiku. Hebu tuipime habari hiyo. Nusu ya Kurani ni juzuu kumi na tano. Msomaji mwepesi, asiyevuta sana wala asiyezimeza herufi, anaweza kuimaliza juzuu kwa dakika ishirini na tano. Juzuu kumi na tano zinampa saa sita na robo. Usiku wa kiangazi kule Basra, kuanzia baada ya Isha mpaka alfajiri, ni kama saa saba tu, na wa baridi unafika kama saa kumi na moja. Basi inawezekana, lakini wakati wa kiangazi hakuna usingizi wa usiku. Na kweli mwanafunzi wake Hisham bin Hasan anaeleza mpango wa siku yake unaolingana na hesabu hiyo: alikaa katika chumba chake cha kuswalia swala baada ya swala mpaka jua lichomoze, akaswali, ndipo akatoka, akatawadha, akalala mchana hadi wakati wa swala. Mwingine anasema alidumu hivyo miaka thelathini, hatoki mswalani ila kwa haja au kwa kujinyosha kidogo.

Habari nyingine inasema taa yake ilizimika na chumba kikaendelea kuwa na mwanga mpaka asubuhi. Hiyo anayetaka aiamini. Mimi inanitosha hii nyingine, ambayo haina muujiza wowote. Hafsa alimnunua mjakazi, inadhaniwa alitoka Sindi. Watu wakamwuliza yule mjakazi, je, unamwonaje bibi yako? Akajibu kwa Kiajemi kwamba ni mwanamke mwema, ila lazima atakuwa alifanya dhambi kubwa sana, maana usiku kucha analia na kuswali. Ni ushahidi wa mtu wa ndani asiye na sababu ya kumpamba. Ni ushahidi pia wa zama zile: binti wa watumwa wawili waliokombolewa naye alinunua mtumwa, na waandishi wa habari zake hawakuona hapo ajabu yoyote. Msomaji wa leo anaiona.

Kusoma usiku kulimfanya awe hodari wa kuhifadhi. Kilichomfanya awe mwalimu ni tabia nyingine, na kwa bahati nzuri tabia hiyo tunaweza kuitazama kwa karibu, kwa sababu ameisimulia mwenyewe na Bukhari ameipokea. Anasema kwamba wao walikuwa wakiwazuia wasichana wao wasitoke kwenda swala ya Idi. Akaja mwanamke mmoja, akafikia katika jumba la ukoo wa Khalafu hapo Basra. Mwanamke huyo alikuwa na habari kutoka kwa dada yake, ambaye mumewe alipigana vita kadhaa pamoja na Mtume, kwamba wanawake waliamrishwa watoke, hata asiye na nguo ya kujifunika aazimwe na mwenzake. Hafsa alimwendea akaisikia habari hiyo. Wengi wangeishia hapo. Lakini Umu Atia, sahaba wa kike aliyepokea mwenyewe kwa Mtume, alipokuja, Hafsa akamwendea na yeye akamwuliza moja kwa moja kama kweli alilisikia hilo. Umu Atia akalithibitisha, akaongeza kwamba hata wenye hedhi watoke, ila wakae kando na mahali pa kuswalia. Hafsa akashangaa: hata wenye hedhi? Yule bibi akamjibu kwa swali, kwani hao hawahudhurii Arafa na mahali kadhaa na kadhaa?

Ametajiwa habari, ameitafuta kwa mwenye nayo, ameipinga kidogo ili aone kama itasimama, halafu ameipokea pamoja na ile sehemu iliyomshangaza. Habari iliyokwenda kinyume na mazoea ya nyumba yake mwenyewe hakuificha. Mtu wa namna hiyo ukimwuliza anasomaje aya, unajua kwamba hatakupa alichokizoea tu. Atakupa alichokisikia, na atakuambia alikisikia kwa nani. Kwa Abu Aliya, kwa mfano, ni Hafsa aliyetuhifadhia maneno ya mzee huyo kwamba alimsomea Sayyidna Umar Kurani mara tatu. Sentensi ni fupi sana, lakini bila yeye tungeikosa mojawapo ya nyuzi zinazoiunganisha Basra na Madina katika usomaji.

Wanafunzi waliomwendea walikuwa wanaume walioheshimika: Ayub as-Sakhtiani, Khalid al-Hadhai, Hisham bin Hasan, Asim al-Ahwal. Asim huyu ametuachia picha ya darasa lenyewe. Hafsa alikuwa ameshakuwa mtu mzima sana. Walikuwa wakiingia kwake wanamkuta amejifunika jilbabu, hata uso ameuziba. Siku moja wakaona wamhurumie. Wakamwambia, Mungu akurehemu, na wakamsomea ile aya ya 60 ya Sura ya Nuru inayowaruhusu wanawake wazee, wasiotaraji tena kuolewa, kuweka kando nguo zao za juu bila kujishaua. Bibi akawasikiliza mpaka waliponyamaza. Kisha akawauliza: baada ya hapo panasemaje? Wakalazimika kuendelea, na maneno yanayofuata yanasema kwamba kujihifadhi ni bora kwao. Akawaambia kwamba hayo ndiyo yanayolithibitisha jilbabu.

Mtu anaweza kukubaliana na uamuzi wake wa mavazi au asikubaliane nao. Tuangalie alivyofundisha. Hakuwaambia kwamba wamekosea, kwa sababu walichokisoma kilikuwa sahihi. Hakuleta kauli ya mtu wa nje wala hakutumia umri wake. Aliwarudisha kwenye aya yao wenyewe na kuwataka waimalize. Wanafunzi walikuwa wamesimama mahali palipowafaa, na kwa msomaji wa Kurani kujua wapi pa kusimama na wapi pa kuunganisha ni nusu ya elimu. Aya iliyokatwa inaweza kusema lisilokusudiwa hata kama kila herufi imetamkwa vizuri. Walimu wa chuoni wanalijua kosa hili, na njia ya kuligundua ni ile ile ya Hafsa: mwambie msomaji aendelee.

Nyumbani alikuwa na mwana, Hudhaili. Hisham amesimulia habari zake kama alivyoambiwa na mama mwenyewe. Wakati wa kiangazi kijana alikuwa akikusanya matete, akiyabambua maganda na kuyakausha. Ukija msimu wa baridi, mama akiwa anaswali, alikaa nyuma yake akiwasha matete hayo polepole, yasiyo na maganda ili yasitoe moshi, mama apate joto bila kuumia macho. Alikuwa pia na ngamia wa maziwa, akimkamua asubuhi na kumletea mama. Kijana akafa. Hafsa anasema Mungu alimpa subira kiasi alichomjalia, ila kulikuwa na donge lililomkaa kooni lisiloondoka. Usiku mmoja, akiisoma Sura ya Nahli, akaifika aya ya 96, inayosema kwamba kilichoko kwenu kinakwisha na kilichoko kwa Mungu kinabaki. Akairudia. Donge likamwondoka.

Alikuwa ameshaipita aya hiyo mara zisizohesabika. Kwa mwendo wa nusu msahafu kila usiku, Sura ya Nahli inamfikia msomaji kila baada ya siku mbili. Ndiyo maana naiamini habari hii kuliko ile ya taa.

Vijana waliokuja kwake aliwausia wafanye bidii wakiwa bado vijana, akisema kwamba yeye hakuiona kazi ya kweli ila katika ujana. Ni usia unaotolewa na wazee wote, lakini huyu alikuwa na haki ya kuutoa, kwani mtaji aliokula mpaka uzeeni aliuweka kabla ya kuvunja ungo.

Baadaye usomaji ulipangwa vitabuni. Ibn Mujahidi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 324 wa Hijra, aliteua visomo saba vya maimamu saba, na Basra ukawakilishwa na Abu Amri. Visomo vikaja kuwa kumi. Hakuna kisomo kilichoitwa kwa jina la Hafsa, wala hakuna msahafu uliochapwa kwa upokezi wake. Sababu mojawapo ni ya wazi: hao maimamu walikaa msikitini miaka mingi wakisomesha makundi kwa makundi, na mwenye kukaa ndiye aliyeachiwa mlolongo. Hafsa alikaa nyumbani akaendewa. Mwanamke aliyeendewa alitoa majibu, na majibu yake yakayeyuka ndani ya usomaji wa waliomwuliza. Kwa hadithi imekuwa tofauti, kwa sababu kule kila jina hutajwa. Mafunzo ya Umu Atia juu ya namna binti wa Mtume alivyooshwa alipofariki, kuoshwa idadi ya witiri na kusukwa nywele mikia mitatu, yametufikia kwa njia ya Hafsa. Wanawake wanaoosha maiti Lamu, Unguja au Kilwa, kwa madhehebu ya Shafii, wanaifuata ile mikia mitatu hadi leo.

Alifariki baada ya mwaka 100 wa Hijra, yaani miaka ya mwanzo ya karne ya nane. Wapokezi wamehitilafiana kuhusu umri wake. Wengine wanasema alifikia miaka 70, wengine 90. Ndugu yake Muhammad alifariki mwaka 110, mwaka ule ule aliofariki Hasan wa Basra, na mpaka sasa ukitajwa mji huo kwa elimu, majina ya wanaume hao wawili ndiyo yanayotangulia. Lakini Iyasi bin Muawia, kadhi wa Basra aliyewajua wote na aliyesifika kwa akili kali, alisema hakupata kukutana na mtu wa kumtanguliza mbele ya Hafsa. Wakamwuliza: hata Hasan na Ibn Sirini? Akajibu kwamba yeye, kwa upande wake, hamtangulizi mtu yeyote mbele yake.